Kuchagua Jozi ya Msingi: Ngazi ya Hali Pacha Inapopasuliwa na Uga Hafifu

Utangulizi

Katika mojawapo ya vipindi vyetu vya fizikia chuoni tuliwahi kuandika ubaoni jibu ambalo kila mstari wa hesabu yake ulikuwa sahihi, na bado jibu lenyewe lilikuwa la uongo. Tulikuwa tukieleza jinsi atomu ya haidrojeni inavyoathirika inapowekwa katika uga hafifu wa umeme. Tulichukua hali mbili za elektroni zenye nishati moja, tukakokotoa badiliko la nishati la kila hali, tukapata sifuri kwa zote mbili. Kwa furaha tukahitimisha kwamba uga hafifu hauigusi ngazi ile.

Mwanachuo mmoja aliyekaa nyuma akanyoosha mkono akauliza: "Mwalimu, ikiwa ngazi haisogei, basi Stark aliona nini?" Swali lilikuwa la haki. Mwaka 1913 Mjerumani Johannes Stark alionyesha kwa majaribio kwamba mistari ya mwanga wa haidrojeni hupasuka gesi hiyo ikiwekwa katika uga wa umeme wenye nguvu. Mstari mmoja huwa mistari kadhaa. Hesabu yetu haikuwa na nafasi ya jambo hilo.

Tulirudi nyumbani tukapitia hesabu mara tatu bila kuona kosa la kuzidisha wala la kujumlisha. Kosa lilikuwa limefanyika kabla ya hesabu kuanza, pale tulipochagua hali mbili za kuanzia. Katika somo hili tunakusudia kuonyesha kwa nini uchaguzi huo una uzito, na jinsi mwalimu anavyoweza kutambua kwamba amechagua vibaya. Tutaanza na kikombe cha chai, kwa sababu kikombe kina tatizo lile lile na sikio linaweza kulisikia.

1. Kikombe na sauti zake mbili

Chukua kikombe cha kaure chenye mkono mmoja, ukiweke mezani juu ya kitambaa kilichokunjwa. Gonga ukingo wake taratibu kwa penseli, mahali palipo juu kabisa ya mkono. Kisha gonga upande wa pili unaokabili mkono, halafu kushoto na kulia, katikati ya sehemu hizo mbili. Katika sehemu zote nne utasikia sauti ya kimo kimoja. Sasa gonga katikati ya sehemu hizo, yaani nyuzi 45 kutoka kwenye mkono. Utasikia sauti iliyo juu kidogo. Kikombe kimoja kina sauti mbili zinazokaribiana.

Sababu yake ni hii. Kikombe kinapogongwa, ukingo wake haubaki duara. Hubonyea ukawa kama yai, ukarudi, ukabonyea kwa upande mwingine, mara nyingi kwa sekunde. Katika mtetemo huu kuna sehemu nne za ukingo zinazokwenda sana, na kati yake sehemu nne tulivu ambazo haziendi ndani wala nje. Umbali kutoka sehemu ya mwendo mkubwa hadi sehemu tulivu iliyo jirani ni nyuzi 45.

Tufikirie kwanza kikombe kisicho na mkono, kilicho duara kamili. Sehemu za mwendo mkubwa zinaweza kukaa popote, kwa kuwa ukingo wote ni sawa. Hata hivyo, mitetemo yote ya namna hii inaweza kujengwa kwa kuchanganya mitetemo miwili tu: mmoja wowote utakaouchagua, na mwenzake uliozungushwa kwa nyuzi 45. Mitetemo hiyo miwili ina kimo kimoja cha sauti. Hiyo ndiyo maana ya hali pacha: hali mbili zilizo tofauti, zenye thamani moja. Jozi tunayoichagua ili kujengea nyingine zote tutaiita *jozi ya msingi*. Kwa kikombe kisicho na mkono, jozi yoyote inafaa sawa na nyingine.

Sasa tubandike mkono. Mkono huongeza uzito mahali pamoja. Mtetemo ambao sehemu yake ya mwendo mkubwa iko penye mkono unalazimika kuubeba mkono huo huku na huku, na kwa hiyo huenda polepole zaidi na sauti yake hushuka. Mtetemo ambao sehemu yake tulivu iko penye mkono hauubebi, na sauti yake hubaki karibu ilivyokuwa. Pacha wametengana.

Hapa ndipo tunapofikia kiini cha somo. Tuseme mwanafunzi fulani hakuitazama nafasi ya mkono, akachagua jozi nyingine: mtetemo ambao mwendo wake mkubwa uko nyuzi 22 na nusu upande mmoja wa mkono, na mwenzake ulio nyuzi 22 na nusu upande wa pili. Jozi hii nayo ni halali kwa kikombe duara. Anajiuliza: "Je, mtetemo wa kwanza unaubeba mkono kiasi gani?" Anapata kiasi fulani. "Na wa pili?" Kiasi kile kile, kwa kuwa mkono uko katikati yao. Anahitimisha kwamba sauti zote mbili zitashuka sawasawa na kikombe kitabaki na sauti moja. Hesabu yake ni safi, lakini sikio linamkanusha.

Amesahau nini? Amesahau kwamba mitetemo yake miwili haikai kila mmoja peke yake. Ukianzisha wa kwanza, mkono huuvuta ukingo kwa namna inayoamsha wa pili, na baada ya muda nguvu za mtetemo zimehama kutoka kwa mmoja hadi kwa mwenzake. Kuna *kiungo* kati yao, nacho hakukihesabu. Katika jozi inayofuata mkono kiungo hicho hakipo: mtetemo ulioanza hubaki vile vile mpaka unyamaze. Ukigonga kikombe penye nyuzi 22 na nusu, unaanzisha sauti zote mbili kwa pamoja, na sikio makini huzisikia zikichanganyika.

2. Hali mbili za haidrojeni

Tuingie sasa katika atomu. Nishati za elektroni katika haidrojeni zimepangwa kwa ngazi. Ngazi ya kwanza ni elektronivolti −13.6, ya pili ni −3.40, na ya tatu ni −1.51. Tutashughulika na ngazi ya pili. Pengo kutoka hapo hadi ngazi ya tatu ni elektronivolti 1.89, na hadi ngazi ya kwanza ni 10.2.

Tukiacha kando mzunguko wa ndani wa elektroni yenyewe, ngazi ya pili ina hali nne zenye nishati moja. Tuuelekeze uga wa umeme kwenye mhimili uitwao z. Hali mbili kati ya nne huzunguka mhimili huo, moja kwa upande mmoja na nyingine kwa upande wa pili. Uga ulionyooka juu ya z hauwezi kubadilisha mzunguko wa kuuzunguka mhimili wa z, kwa hiyo hali hizo haziunganishwi na uga na mwenzake yeyote katika ngazi hii. Tunaweza kuziweka pembeni. Zinabaki mbili zisizozunguka, nazo ndizo pacha wetu.

Ya kwanza tuiite A. Wingu lake ni mviringo, sawa pande zote za kiini. Ya pili tuiite B. Wingu lake lina matumbo mawili, moja juu ya kiini na moja chini yake, na wimbi lake lina alama ya kujumlisha katika tumbo moja na alama ya kutoa katika tumbo jingine. Wanachuo watambue jambo hili la alama, kwa sababu tutalihitaji punde.

Uga wenye nguvu F huiongezea elektroni nishati ya eFz, ambapo e ni chaji na z ni umbali wa elektroni juu au chini ya kiini. Tunauita uga huu *usumbufu*, yaani badiliko dogo linaloongezwa juu ya atomu ambayo tayari tunaijua.

Kanuni ya kawaida ya usumbufu ina hatua mbili. Hatua ya kwanza husema: badiliko la nishati ya hali ni wastani wa usumbufu katika wingu la hali hiyo. Hatua ya pili huongeza sahihisho: chukua kiungo kati ya hali hiyo na hali nyingine, kipigie kipeo cha pili, kisha ugawanye kwa pengo la nishati kati yao. Njia hii ilikuzwa na Mwingereza Lord Rayleigh katika elimu ya sauti, katika kitabu chake *The Theory of Sound* kilichoanza kutolewa mwaka 1877. Mwaka 1926 Erwin Schrödinger aliihamishia katika atomu, na mfano mkubwa aliouchukua ulikuwa huu huu wa mistari ya Stark.

Tutumie hatua ya kwanza. Katika A, wingu liko sawa juu na chini. Thamani za z zilizo juu hufutwa na zilizo chini, na wastani ni sifuri. Katika B, matumbo mawili ni sawa kwa ukubwa, kwa hiyo nako wastani ni sifuri. Hapo ndipo tulipoishia ubaoni siku ile.

Lakini tungeendelea na hatua ya pili tungeona hatari. Kiungo kati ya A na B si sifuri. Ili kukipata tunazidisha wimbi la A kwa wimbi la B na kwa z, kisha tunajumlisha mahali pote. Ukivuka kutoka juu ya kiini hadi chini, B hubadili alama, na z pia hubadili alama. Alama mbili zikibadilika pamoja, zao lao halibadiliki. Basi sehemu ya juu na ya chini hazifutani, bali husaidiana. Hesabu kamili hutoa kiungo cha −3eaF, ambapo a ni kipimo cha ukubwa wa atomu, mita 0.529 × 10⁻¹⁰. Tufupishe 3eaF kwa herufi w. Kiungo ni −w.

Sasa hatua ya pili inatutaka tugawanye w² kwa pengo kati ya A na B. Pengo hilo ni sifuri. Hesabu inalipuka. Wako wanafunzi wanaodhani kuwa hapa fizikia imeshindwa, na wengine huiruka sehemu hiyo kimyakimya. Mlipuko huo ni kengele inayotuambia kuwa A na B si jozi inayofaa kwa usumbufu huu.

3. Kuigeuza jozi

Yafaa tupange tulichonacho katika jedwali dogo la namba nne. Katika ulalo tunaandika wastani wa kila hali. Pembeni tunaandika kiungo.

| | A | B |
|---|---|---|
| A | 0 | −w |
| B | −w | 0 |

Kosa letu la siku ile lilikuwa kusoma ulalo na kuziacha namba za pembeni. Namba za ulalo ni nishati za kweli pale tu namba za pembeni zinapokuwa sifuri. Kazi yetu basi ni kutafuta jozi nyingine, iliyojengwa kwa A na B hizo hizo, ambayo pembeni yake ni sifuri.

Tuchanganye A na B kwa pembe t. Hali mpya ya kwanza ni A mara kosaini ya t, kuongeza B mara saini ya t. Ya pili ni mwenzake aliye mraba nayo. Tukifanya hesabu, wastani wa hali ya kwanza unakuwa −w mara saini ya 2t, na kiungo kinakuwa −w mara kosaini ya 2t. Wastani wa hali ya pili ni sawa na wa kwanza, ila alama yake ni kinyume. Tuone namba zenyewe:

| Pembe t | Wastani wa kwanza | Wastani wa pili | Kiungo |
|---|---|---|---|
| 0° | 0 | 0 | −w |
| 15° | −0.50w | +0.50w | −0.87w |
| 30° | −0.87w | +0.87w | −0.50w |
| 45° | −w | +w | 0 |

Tunawasihi wanachuo waliangalie jedwali hili kwa utulivu. Kila mstari ni jozi halali kwa atomu isiyo katika uga. Lakini ukisoma wastani peke yake, kila mstari unatoa jibu tofauti la swali moja: nishati inabadilika kiasi gani? Maumbile hayawezi kuwa na majibu manne kwa sababu tu sisi tumechagua pembe nne. Jibu linalotegemea uchaguzi wetu si jibu la atomu. Pia tazama jinsi mambo yanavyokwenda: kadiri kiungo kinavyopungua, wastani unaongezeka. Kilichokosekana katika ulalo kilikuwa kimejificha pembeni. Katika mstari wa mwisho kila kitu kimetoka mafichoni, na hakuna kilichobaki cha kuchanganya.

Jozi inayofaa basi ni hii:

C = (A + B)/√2, yenye badiliko la nishati −w

D = (A − B)/√2, yenye badiliko la nishati +w

Tunagawanya kwa √2 ili uwezekano wa kuikuta elektroni mahali popote ubaki 1. Kwa kuwa hali mbili zile zinazozunguka hazisogei katika hatua ya kwanza, ngazi ya pili hupasuka sehemu tatu: moja juu kwa w, moja chini kwa w, na mbili zilizobaki katikati.

Picha ya C inaeleweka kwa urahisi. A ina alama moja juu na chini ya kiini kwa umbali ule ule, na B ina alama mbili. Tukizijumlisha, upande mmoja mawimbi yanaongezana na upande mwingine yanapunguzana. Wingu linaegemea upande mmoja. Katika C wastani wa mahali pa elektroni uko umbali wa 3a kutoka kwenye kiini, kwenye upande ambao uga unaivuta, na ndiyo maana nishati yake inashuka. Katika D umeegemea upande wa pili, na nishati inapanda. Ni kama mtetemo unaoubeba mkono na ule usioubeba.

4. Je, uga ni hafifu ukilinganishwa na nini?

Mwanachuo anaweza kuuliza: uga hafifu sana unawezaje kuzigeuza A na B nusu kwa nusu? Je, usingefaa kuzigeuza kidogo tu? Jibu ni kwamba udogo wa usumbufu haupimwi peke yake. Hupimwa kwa kulinganisha kiungo na pengo lililoko kati ya hali mbili. Pengo likiwa sifuri, kiungo kidogo chochote ni kikubwa kuliko pengo, na hakuna kinachokizuia kuchanganya.

Tuchukue mfano wa namba ndogo. Hali mbili zina pengo la 10, moja ikiwa +5 na nyingine −5, na kiungo ni 1. Nishati kamili hupatikana kwa kutafuta kipeo cha pili cha nusu ya pengo, kujumlisha kipeo cha pili cha kiungo, kisha kuchukua kipeuo: √(25 + 1), yaani 5.099. Kila hali imesogea 0.099. Kanuni ya kawaida ingetoa 1 × 1 ÷ 10, yaani 0.1. Zinapatana vizuri sana.

Sasa pengo liwe 0.1, kiungo kikibaki 1. Nishati kamili ni √(0.0025 + 1), yaani 1.001. Kila hali imesogea 0.951. Kanuni ya kawaida ingetoa 1 ÷ 0.1, yaani 10, jibu lililozidi ukweli zaidi ya mara kumi. Pengo likiwa sifuri, kanuni haina jibu lolote, ilhali njia ya kuigeuza jozi inatoa 1 kamili.

Turudi kwenye haidrojeni. Uga uwe volti 10,000,000 kwa mita. Hapo w = 3eaF ni elektronivolti 0.0016 hivi. Ukilinganisha na pengo la 1.89 hadi ngazi ya tatu, hiki ni kitu kidogo mno, mara elfu moja na zaidi. Kwa ngazi zile nyingine uga ni hafifu kweli, na kanuni ya kawaida inatosha. Lakini kati ya A na B wenyewe hali ni nyingine kabisa.

Tuseme kweli yote: A na B si pacha kamili. Mambo madogo ya ndani ya atomu huitenganisha ngazi ya pili kwa elektronivolti kama 0.000045. Aidha, mwaka 1947 Willis Lamb na Robert Retherford walipima pengo dogo zaidi, kama 0.0000044, kati ya hali mbili ambazo nadharia ya wakati ule ilizihesabu kuwa sawa. Katika uga wetu w ni kubwa kuliko pengo la kwanza kwa zaidi ya mara thelathini, kwa hiyo C na D ni jozi nzuri. Lakini tukipunguza uga hadi volti 1,000 kwa mita, w inashuka hadi 0.00000016 hivi, chini kabisa ya pengo la Lamb. Hapo hali za asili hurudia heshima yake, na kanuni ya kawaida inafanya kazi tena.

Mtu wa maabara anatambuaje yuko upande gani? Aongeze uga maradufu. Ikiwa mpasuko nao unakuwa maradufu, pacha wamechanganyika kikamilifu, kwa kuwa w hufuata F moja kwa moja. Ikiwa badiliko linakuwa mara nne, basi pengo la asili bado linatawala, kwa kuwa w² ndiyo inayohesabiwa.

5. Kuitafuta jozi kwa ulinganifu

Mara nyingi si lazima kujaribu pembe moja moja. Jiulize: usumbufu umeacha ulinganifu gani, na umevunja upi? Kikombe duara kilikuwa na ulinganifu kila upande. Mkono umevunja mwingi, ila umeacha mmoja: nusu ya kushoto ya mkono bado ni kivuli cha kioo cha nusu ya kulia. Mitetemo inayofaa ni ile inayoheshimu kioo hicho: mmoja hubaki vile vile kiooni, na mwingine hugeuka alama. Jozi ya yule mwanafunzi wa nyuzi 22 na nusu haikukiheshimu, kwa kuwa kioo kiligeuza mtetemo wake wa kwanza kuwa wa pili.

Katika atomu, ulinganifu uliobaki ni wa kuuzunguka mhimili wa z, nao ndio uliotuwezesha kuziweka pembeni hali mbili zinazozunguka. Ulinganifu uliovunjwa ni wa juu na chini. A na B zilikuwa zimejengwa juu ya ulinganifu huo: A haibadiliki ukigeuza juu kuwa chini, na B hubadili alama. Uga umeubomoa msingi huo, kwa hiyo A na B zimepoteza haki ya kuwa jozi. Laiti tungejiuliza swali hili kabla ya kushika chaki, tungejua kuwa sifuri zetu mbili hazikuwa na maana tuliyozipa.

Kwa wiki iliyofuata tulirudi darasani na kikombe, tukaanza upya. Yule mwanachuo wa nyuma ndiye aliyepewa penseli.

Maswali ya kujipima

1. Kwa pembe t ya nyuzi 60, tafuta wastani wa hali ya kwanza na kiungo. Je, jozi hii inafaa?
2. Jedwali la hali pacha lina 2 na 2 katika ulalo, na kiungo 1. Nishati za kweli ni zipi?
3. Jedwali jingine lina +1 na −1 katika ulalo, na kiungo sifuri. Kuna haja ya kuigeuza jozi?
4. Kikombe kina mikono miwili inayofanana kabisa, iliyo umbali wa nyuzi 45. Je, kitakuwa na sauti mbili?

Majibu

1. Wastani ni −0.87w na kiungo ni +0.50w. Haifai, kwa kuwa kiungo si sifuri.
2. Ni 3 na 1. Hali zinazofaa ni jumla na tofauti ya pacha, kila moja ikigawanywa kwa √2.
3. Hapana. Jozi hii tayari inafaa, na namba za ulalo ndizo nishati za kweli.
4. Tukihesabu uzito wa mikono peke yake, kitakuwa na sauti moja. Mtetemo ulio na mwendo mkubwa penye mkono wa kwanza una sehemu tulivu penye wa pili, na mwenzake ni kinyume chake. Kila mtetemo unabeba mkono mmoja, na kati yao hakuna kiungo. Hapa, tofauti na yule mwanafunzi wetu, tuna haki ya kusema kwamba sauti zimeshuka sawasawa, kwa sababu tumekagua namba za pembeni.